Kumnyima Rafiki Mkopo Bila Uongo

Huko Sindo, kando ya Ziwa Viktoria, dagaa waitwao omena huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti sana, mashua hupumzika, na ndipo rafiki huja kukopa.

Tuseme mvuvi amwomba rafiki yake karani shilingi 5,000, naye karani anazo, bali ni karo ya mwanawe. Akisema, "Sina," juma lijalo ataonekana akilipa karo, maana mji ni mdogo. Akisema, "Ngoja kesho," ni vibaya zaidi: mvuvi atakaa akimtumaini, wala hatakwenda kwa mwingine. Afadhali aseme siku ile ile: "Ndugu yangu, fedha ninazo, lakini ni karo ya mtoto, sitazikopesha." Asiongeze sababu ya pili, kwani mwenye shida huitafutia dawa kila sababu aambiwayo. Kisha, akiweza, ampe 500 za unga, akimwambia wazi kwamba si deni.

Huenda mvuvi akanuna. Basi karani na amtembelee kabla giza halijarudi, asingoje mpaka nyavu zijae, asije akadhaniwa amefuata omena.