Shule Iliyosimama Si Lazima Ivunjwe: Gharama ya Kuimarisha Madarasa ya Tofali

Tetemeko la Kagera lilitokea Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kiasi ambacho katika nchi zenye majengo imara husababisha zaidi hofu kuliko vifo. Kwetu liliua watu wasiopungua 17, likabomoa nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake, na likaziharibu shule zikiwamo Ihungo na Nyakato. Ndugu msomaji, naomba uzingatie siku na saa. Lingekuja Jumatatu saa nne asubuhi, tungekuwa na hesabu nyingine kabisa.

Nimewahi kupita katika shule moja ya msingi ya mkoa huo, ambayo sitaitaja, na kuliona jengo la madarasa matatu ambalo nyufa zake zilikuwa zimezibwa kwa saruji na kupakwa rangi ya maziwa. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, mtulivu, alinionyesha kwa kidole mahali zilipokuwa: mshazari kutoka kwenye kila pembe ya dirisha, na wima katika pembe za jengo. “Daktari, walituambia limetengenezwa,” alisema, kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe huwaketisha watoto wa darasa la kwanza mbali na ukuta wa mwisho. Mama yule hakusomea uhandisi, lakini alikuwa ametambua ni ukuta upi utakaoanza kuanguka.

Tuanze na sababu. Tetemeko haliliangushi jengo kwa kulibonyeza kutoka juu. Huisukuma ardhi huku na huko, na uzito wa ukuta hukataa kufuata. Ukuta uliokaa sambamba na mwendo huo una nguvu ya kutosha, kwa kuwa unasukumwa kwa urefu wake. Ule uliokaa mkabala hupigwa ubavuni, na tofali halina uwezo wa kupinda. Kinachomwokoa huyu wa pili ni kushikwa na wenzake pembeni na juu. Shule zetu nyingi za zamani zimejengwa kwa tofali za kuchoma, zimeunganishwa kwa udongo au kwa saruji kidogo mno, hazina mkanda wa zege unaozunguka juu ya madirisha, na kenchi zimelazwa tu juu ya ukuta. Kila ukuta unasimama kwa hisani yake mwenyewe. Ufa wa wima katika pembe maana yake kuta mbili zimekwisha kuachana, na saruji iliyosukumwa ndani ya ufa ule haikuzirudisha pamoja. Mama yule alidanganywa, ingawa huenda aliyemdanganya naye hakujua.

Sasa tuzungumze fedha, maana hapo ndipo mijadala yetu ya halmashauri huishia. Kipimo ninacho. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kukabili athari za UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja. Jengo la madarasa matatu, basi, ni milioni 60 kwa bei ya mwaka ule, na tuichukue hiyo kuwa gharama ya kuvunja na kujenga upya. Takwimu nitakazozitaja chini ya hapo ni makadirio yangu kwa jengo la aina ile niliyoiona: urefu wa mita 28, upana mita 7 na nusu, kuta za unene wa sentimita 23 na kimo cha mita 3, milango na madirisha 15 kwa jumla. Bei za saruji na nondo hubadilika kila msimu. Mpangilio wa nafuu na ghali ni mgumu kubadilika.

Njia ya bei ya chini kabisa inaanzia juu. Ukitazama ubavu wa mwisho wa jengo utaona ukuta ukiendelea kupanda hadi kilele cha paa kwa umbo la pembetatu. Pembetatu hiyo moja ina uzito wa takriban tani 2 na nusu, imesimama bila kushikwa na chochote juu yake, na ndiyo huanguka kwanza. Mara nyingi kuta zinazogawa madarasa nazo zina pembetatu za namna hiyo, zimefichwa na dari, kwa hiyo jengo letu lina nne. Ni tani 10 juu ya vichwa vya watoto. Zikiondolewa tofali kwa uangalifu kuanzia juu, na nafasi ikazibwa kwa fremu ya mbao na bati, kisha kila kenchi ikafungwa ukutani kwa nondo nyembamba iliyopita ndani ya ukuta na kukunjwa, kazi hiyo haitazidi milioni 3. Ni wiki mbili za likizo. Faida ya ziada ni kwamba vifungo hivyo hivyo ndivyo vinavyolizuia paa lisinyanyuliwe na upepo wa mvua za masika, balaa ambalo hutokea mara nyingi zaidi kuliko tetemeko.

Njia ya pili naiona kuwa ndiyo kiini cha hoja hii. Ni kulifunga jengo mkanda baada ya kujengwa. Lipu hubanduliwa juu ya madirisha kwa upana wa sentimita 30, ndani na nje, kuzunguka kuta zote. Viungo vya tofali husafishwa kwa brashi ya waya hadi vumbi liishe, ukuta hulowanishwa, wavu wa chuma uliochomelewa hulazwa pande zote mbili, na nyavu hizo mbili hufungwa pamoja kwa nondo za milimita 6 zinazopita ndani ya ukuta. Kisha hufunikwa kwa mchanganyiko mzito wa saruji moja kwa mchanga tatu, unene wa sentimita 4. Mikanda mingine ya wima hushuka katika kila pembe, kila kiungo cha kuta, na kando ya kila mlango na dirisha. Mkanda ule hufanya kazi inayofanywa na ukingo wa kikapu: miyaa ni ileile, lakini ukingo ukifumuka kila uzi unakwenda zake.

Kwa jengo letu, hesabu yake ni kama mita za mraba 120 za wavu na mifuko 50 ya saruji. Ukijumlisha ufundi, jukwaa, lipu na rangi, ni kama milioni 9, na pamoja na kazi ya pembetatu na kenchi inakuwa milioni 12. Hiyo ni moja ya tano ya jengo jipya.

Njia ya tatu hutumia vifaa vilevile, ila wavu na saruji hufunika kuta zote ndani na nje, si mikanda peke yake. Wavu unafika mita za mraba 450, saruji mifuko 180, na gharama yote milioni 30. Ina mahali pake, nami nitalieleza mahali hapo. Ya nne ni kuvunja.

Kuna na ya tano ambayo mafundi wetu huipendekeza kwa moyo mmoja: kumwaga nguzo za zege nje ya ukuta ulioinama. Sina chuki nazo, lakini nguzo isiyofungwa na ukuta huuzuia kwa upande mmoja tu. Ukuta ukisukumwa kwenda upande wa pili, kwa watoto, nguzo inabaki imesimama nje ikitazama. Aidha msingi wake mpya hutitia kwa kasi tofauti na ule wa zamani, na baada ya mvua mbili utaona ufa mahali zilipokutana.

Mpangilio huu wa bei hautoshi kuamua, kwa sababu njia ya pili ina masharti. Chukua msumari wa inchi nne ukakwangue kiungo cha tofali mahali palipobanduliwa lipu. Ukiingia kwa shida, mkanda utafaa. Ukizama kidole kizima huku mchanga ukimwagika, basi tofali zenyewe zitaporomoka kati ya mikanda hata mikanda ikisalimika, na hapo ndipo njia ya tatu inapostahili fedha zake. Shusha timazi kutoka juu ya ukuta: ikiwa ukuta wa mita 3 umeinama zaidi ya sentimita 2 au 3, au msingi umekatika na upande mmoja wa jengo umeshuka, usimwage saruji hapo, vunja. Lakini si haki kuanza na hukumu hiyo kabla ya kukwangua.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba hizi ni nadharia za vyuoni. Nepali walianza kuimarisha shule za tofali kwa njia hizi katika bonde la Kathmandu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakiwafundisha mafundi wa kawaida wa vijijini. Tarehe 25 Aprili 2015 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 7.8. Maelfu ya madarasa nchini humo yaliangamia. Shule zilizokuwa zimeimarishwa bondeni zilisimama, na baadhi zikawa makimbilio ya majirani. Nayo ilikuwa Jumamosi, siku yao ya mapumziko. Sisi na wao tumekwisha kukopeshwa Jumamosi moja moja.

Kinachoweza kuiharibu kazi hii ni usimamizi, si elimu ya juu. Wavu ukipigiliwa juu ya lipu ya zamani, utabanduka nayo. Ukikatwa pembeni mwa jengo kwa sababu kuukunja kunasumbua, mkanda umekufa mahali unapohitajika zaidi. Ukiwekwa upande wa nje peke yake ili kuokoa fedha, ukuta utafunguka kwa ndani. Saruji isipomwagiliwa maji kwa siku saba itakauka kabla ya kukomaa. Makosa matatu ya kwanza yanaonekana kwa macho kabla ya kufunikwa, na kwa hiyo mkaguzi aje siku wavu umefungwa na saruji haijapakwa. Akija siku ya rangi hana anachokagua.

Swali la kisiasa ni kwa nini milioni 12 ni ngumu kupatikana kuliko milioni 60. Darasa jipya lina jiwe la msingi, lina utepe, lina picha ya mheshimiwa. Mkanda wa wavu hufichwa chini ya lipu na jengo hubaki na sura yake ya jana. Diwani atawaonyesha nini wapiga kura? Ndiyo maana napendekeza kila shule ya tofali katika mikoa iliyo kando ya Bonde la Ufa ikwanguliwe kwanza, matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, na bajeti ya madarasa mapya ya halmashauri itengewe sehemu ya kuimarisha kabla ya kugawanywa. Fedha za jengo moja jipya zinatosha majengo matano.

Mwalimu mkuu yule hakusubiri bajeti. Nilimchorea pembetatu na vifungo vya kenchi kwenye karatasi ya daftari, akaipeleka kwenye kikao cha wazazi. Wameamua kuanza na ukuta wa mwisho, likizo ya Desemba, na tofali zitakazoshushwa zitajengea jiko.