Mzaha Mzaha Hutumbua Usaha: Ile Meme ya Ngamia Haikumchapa Rais



Kuna meme moja imeingia kwa grupu letu la vijana mara tatu, na mara zote tatu imeletwa na mtu wetu. Ni picha ya kitambulisho cha taifa, lakini pale pa uso wa mwenyewe pamebandikwa uso wa ngamia. Juu imeandikwa: "Pongezi kwa Mkenya mwenzetu mpya! Hakuna msasa, hakuna maswali. Asante Mheshimiwa." Halafu vikatuni vitatu vya kucheka mpaka machozi. Aliyeileta mara ya mwisho ni kijana wa Kiislamu, mtu wa maandamano, si mtu wa kuogopa serikali. Akaongeza maneno yake: "Leo wamemchapa vizuri."

Mimi nauliza swali moja tu. Wamemchapa nani?

Tukumbuke kwanza inaongea juu ya nini. Februari 2025, rais alitia saini kule Wajir agizo la kuondoa ule msasa wa ziada wa vitambulisho. Kabla ya hapo, kijana wa kaunti nyingi za Kenya alienda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, basi. Lakini kijana wa Garissa, wa Mandera, au Mnubi wa Kibra aliitishwa mpaka karatasi za babu, akasimamishwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama athibitishe kwamba ni Mkenya. Wengine alama zao za vidole zilikutwa kwa daftari la wakimbizi, kwa sababu wazazi waliwaandikisha kambini wakati wa njaa ili wapate chakula. Huo msasa ndio tuliopinga miaka nenda miaka rudi.

Sasa turudi kwa meme. Ati "pongezi" na "asante". Hakuna anayepongeza hapo, hilo hata mtoto anaona. Hiyo ndiyo kejeli: maneno yanasifu, maana inalaumu. Kwa hivyo wengi wetu tunageuza "asante" kuwa "umekosea", tunaona rais amelaumiwa, tunacheka, tunatuma mbele. Tunafikiri tumemaliza kusoma.

Hatujamaliza. Kejeli hugeuza sifa peke yake. Kuna kitu kingine kimekaa chini ya sifa, na hicho hakigeuzwi. Ili utani huu uchekeshe, lazima ukubali kwanza kwamba anayepata kitambulisho kule kaskazini bila msasa si Mkenya. Ngamia ndiye anayebeba dhana hiyo, kwa sababu hakuna mtu anayeweka ngamia kumaanisha mtu wa Nyeri au wa Kisii. Ukiisoma kwa sifa, inasema rais amefanya vizuri kuwapa watu wasio Wakenya vitambulisho. Ukiisoma kwa kejeli, inasema rais amefanya vibaya kuwapa watu wasio Wakenya vitambulisho. Umeona? Rais amebadilika kutoka mzuri kuwa mbaya. Sisi tumebaki wageni kote kuwili.

Kwa hivyo ujumbe wake ukiuandika bila utani ni huu: rudisheni msasa. Na hiyo si "kumchapa mkubwa". Mkubwa ana msafara na walinzi. Anayerudishwa kwa foleni ni yule dada wa Wajir aliyefika miaka 18.

Na walengwa je? Meme haikutengenezewa mtu wa Wajir. Neno "mwenzetu" linakuonyesha. Hao "sisi" ni kina nani, ikiwa mtu wa kaskazini ndiye anayekaribishwa kwa dharau? Ni mpiga kura wa kwingine, ambaye alishasikia baadhi ya wanasiasa wakidai vitambulisho vinagawiwa watu wa nje kwa ajili ya kura za 2027. Meme haimletei habari mpya. Inampa ruhusa ya kucheka na kile alichokuwa anakiogopa.

Kama unadhani nimeingiza maneno yangu, fanya nilivyofanya. Nilitafuta mahali ilipowekwa wazi, nikaacha picha, nikasoma komenti. Ukitaka kujua utani unamlenga nani, sikiliza waliouelewa wanacheka nini. Kama wanacheka serikali, komenti zitataja ushuru, ahadi, uongo wa wakubwa. Pale nilipofika hakuna aliyetaja hayo. Walikuwa wakiulizana ngamia atapiga kura kituo gani. Komenti si ushahidi wa nia ya aliyetengeneza, hilo nakubali. Lakini zinakuonyesha wasomaji wake walichukua nini, na hicho ndicho kinachoenda kwa sanduku la kura.

Najua jibu litakuja: "Wewe bro huna utani, kila kitu ni uonevu." Utani ninao. 2024 nilicheka "Zakayo" kama wewe. Jina la mtoza ushuru wa Biblia, anaambiwa ashuke mtini. Pima utani huo vilevile: ni kitu gani lazima ukubali ndipo ucheke? Kwamba ushuru umezidi na anayeutoza amekaa juu ya watu. Dhana iliyo chini inamgusa mwenye mamlaka yuleyule anayetajwa juu. Hakuna mnyonge aliyekanyagwa njiani.

Na si neno lenyewe linaloamua. Mnakumbuka operesheni ya Usalama Watch, Aprili 2014, maelfu walipokamatwa Eastleigh na wengi kupelekwa uwanja wa Kasarani. Watu wa Eastleigh walikuwa wakisema polisi wanawaita "ATM". Kijana wa Eastleigh akijiita ATM kwa mzaha, utani unasimama juu ya rushwa: askari anakuja kutoa pesa kwa mfuko wangu. Mtu wa nje akiandika "Eastleigh ATM zimefunguliwa" na picha ya lori la polisi, maneno ni yaleyale, lakini sasa kinachochekesha ni kwamba hawa wana hela na wacha wakamuliwe. Meme ikitoka kwa grupu la Eastleigh ikaingia kwa grupu lingine, herufi hazibadiliki. Anayechekwa ndiye anayebadilika. Ndiyo maana "mimi nilituma kwa kejeli" haitoshi. Nia yako haiendi pamoja na picha.

Ndugu zangu, tumefundishwa katika Surat Al-Hujurat tusidharau watu wengine na tusiitane majina mabaya. Tunaisoma tukiwa wenye kudharauliwa. Safari hii tumekuwa wabebaji. Aliyetengeneza ile meme hakuhitaji kutumia bando lake kuifikisha Majengo au South C. Tulimbebea sisi, bure, na kicheko juu.

Basi ikikufikia tena, itolee kicheko kwanza. Iandike kwa sentensi moja kavu, uone kama unaweza kuweka jina lako chini yake. Kama huwezi, usiitume. Na aliyeileta usimtukane wala usimtoe kwa grupu. Mwandikie pembeni, muulize: hapa Mkenya ni nani, na ngamia ni nani?

Mimi nilimuuliza yule kijana wetu. Alikaa kimya kama dakika kumi, kisha akaifuta. Halafu akaniandikia: "Mamangu ni wa Garissa."

Wabillahi tawfiq.