Taa ya geti haimuliki njia

BARAZANI, na Zuhura Mkanga

Mwaka juzi mtaani kwetu tuliamua kuweka taa za sola kwenye njia itokayo kituo cha daladala. Pale karibu na mtaro kuna kona ambapo mabinti wanaotoka masomo ya jioni huvua viatu wakashika mkononi, ili wakilazimika kukimbia wakimbie. Fundi alikadiria shilingi 1,800,000 kwa nguzo sita na taa zake. Nyumba tuko 60, hivyo kila nyumba 30,000. Kikaoni mikono yote ilinyooka. Mjumbe akazunguka na daftari Jumapili tatu mfululizo, na nyumba zilizotoa zikawa 19. Tukarudishiana pesa.

Wapo waliosema watu wetu wabahili. Sikubali, maana hao hao msiba ukitokea wanachanga kabla ya kuombwa. Tofauti ni kwamba daftari la msiba linasomwa mbele ya watu, na kila mmoja anajua siku yake inakuja. Taa haimjui aliyechanga na asiyechanga. Inawamulika wote sawasawa.

Tufanye hesabu. Tuseme kila nyumba inaona taa zile zina thamani ya 50,000 kwake. Nyumba 60 ni 3,000,000, wakati gharama ni 1,800,000 tu, kwa hiyo mtaa mzima una faida. Lakini baba mwenye 30,000 mkononi anajiuliza jambo lingine: hizi zangu zinaniongezea nini mimi? Zinanunua sehemu moja kati ya 60 ya mwanga, na kwake sehemu hiyo ni kama shilingi 833. Faida nyingine yote ya pesa yake, zaidi ya 49,000, inaangukia kwa majirani. Wenzake wakichanga, atamulikiwa bure. Wasipochanga, 30,000 yake haisimamishi hata nguzo moja. Vyovyote iwavyo, kwake ni afadhali ibaki mfukoni, na jirani yake anapiga hesabu ile ile. Huyu ndiye mdandiaji, na hana haja ya kuwa mtu mbaya.

Kioski cha maji hakina shida hii. Kina koki: huna hela, ndoo inarudi tupu. Mwanga wa njiani hauna koki. Na hata tungeweza kuufungia, tungekuwa tunaharibu tu, kwa sababu mimi nikipita chini ya taa sikupunguzii wewe mwanga hata chembe. Mchumi Paul Samuelson aliliweka hili katika hesabu mwaka 1954: kitu kinachotumiwa na wote bila kupungua, kila mtu ana sababu ya kujifanya hakihitaji ili asilipishwe.

Ndiyo maana soko limetuletea taa nyingi, ila za geti. Zunguka mtaani kwetu saa mbili usiku utaona: kila ukuta una taa yake, nyingi zimeelekezwa ndani, uani kunang'aa kama mchana. Ukijumlisha bei zake, sina shaka tumeshapita ile 1,800,000. Na kona ya mtaroni ingali giza.

Kuna waliotafuta koki mahali pengine. Nairobi, miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni ya Adopt-a-Light iliuza nafasi za matangazo kwenye nguzo za taa, na mapato hayo yakawasha barabara zilizokuwa giza. Ni ubunifu wa kweli. Lakini anayelipa pale ni mwenye tangazo, naye analipia macho ya wanunuzi. Barabara kuu inayo macho hayo kwa maelfu. Kichochoro chetu kina mabinti wachache walioshika viatu.

Sisi koki tunayo tayari, nayo ni LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, na nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi. Hakuna wa kudandia, maana asiyekatwa hana umeme. Shilingi 500 kwa mwezi kutoka kila nyumba yetu ni 30,000 kwa mwezi, na katika miaka mitano ni 1,800,000 kamili. Hata ikitengwa ndani ya kodi inayokatwa sasa, inatosha.

Mambo mawili lazima yarekebishwe kwanza. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, wakati kodi ni ya mwenye nyumba. Makato hayo yapunguzwe kwenye pango, na iandikwe kwenye mkataba. Pili, pesa ya taa irudi mtaani kwa jina lake, na kiasi kilichorudi kibandikwe kila robo mwaka kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, pale pale mjumbe alipobandika orodha ya nyumba 19.