K Hugeuka G kwa Sababu: Madai Manne kuhusu Sauti Zinazokwepana

Sauti jirani zinazofanana wakati mwingine hukwepana: moja hubadilika ili isilingane na mwenzake. Wanaisimu huliita jambo hili utofautishano wa sauti. Ni la kawaida katika lugha za Kibantu, ila limezungukwa na madai yasiyosimama.

Dai la 1: "Ni lafudhi tu. Wakikuyu k inawashinda, ndiyo maana wanasema g."

Haiwashindi hata kidogo. Mkikuyu husema *kĩrĩma* (mlima) na *kũmenya* (kujua), na k inasikika vizuri. Huyohuyo husema *gĩtĩ* (kiti) na *gũtema* (kukata). Viambishi ni vilevile, *kĩ-* na *kũ-*. Kinachoamua ni konsonanti ya silabi inayofuata. Ikiwa ghuna, kama r au m, k hubaki. Ikiwa sighuna, kama t, k nayo ni sighuna, kwa hiyo zingefanana. K ya mwanzo ndiyo inayokwepa kwa kuwa g. Carl Meinhof aliiita Kanuni ya Dahl mwaka 1903, kwa jina la mmisionari aliyeichunguza katika Kinyamwezi. Lafudhi ingebadilisha kila k bila kuangalia jirani yake.

Dai la 2: "Ni kurahisisha matamshi, kwa kuwa k mbili zinachosha ulimi."

Waswahili hutamka *kikapu*, *kukata* na *kukokota* bila taabu, na Kanuni ya Dahl haifanyi kazi katika Kiswahili. Ugumu wa kutamka ungetubana sisi pia. Maelezo yenye uzito zaidi ni ya John Ohala, aliyeutazama upande wa msikilizaji. Sifa ya sauti moja huweza kusambaa hadi kwa jirani, na msikilizaji amezoea kuirekebisha. Akisikia sauti mbili zenye sifa moja, anaweza kudhani kuwa moja imeambukizwa na nyingine. Basi anaisafisha kichwani mwake, na yeye anapozungumza huitamka tofauti. Kwa maelezo haya, badiliko huanzia kwenye sikio.

Dai la 3: "Ni masalia ya zamani; leo hakuna kinachobadilika."

Hapa kuna chembe ya ukweli. Katika Kikuyu, kusoma ni *gũthoma*, na th hiyo hutamkwa kama dh ya Kiswahili, yaani ni ghuna. Kwa sikio la leo tungetarajia *kũ-*. Kiambishi kinakumbuka enzi ambayo th hiyo ilikuwa sighuna. Kwa hiyo si kila mfano unaelezeka kwa matamshi ya sasa.

Lakini hebu nenda hadi Rwanda. *Kitabu* kilipoingia katika Kinyarwanda kilikuwa *igitabo*, kwa sababu ya t. Majina ya lugha nayo yamejipanga vivyo hivyo: *Ikinyarwanda* na *Ikirundi*, lakini *Igifaransa* na *Igiswahili*. Kanuni iliyokufa isingeyagusa maneno ya mkopo. Tena haiishii kwenye k: "tunaona" ni *tubona*, na "tunafanya kazi" ni *dukora*.

Dai la 4: "Mambo haya ni ya konsonanti peke yake."

Toni nazo hukwepana. Mfano mzuri uko katika Kishona cha Zimbabwe. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni, kwa hiyo hapa alama ´ ni toni ya juu na ` ni ya chini. Samaki ni *hóvé*, juu-juu. Ukitanguliza *né-* (pamoja na), ambayo nayo iko juu, husemi *néhóvé* bali *néhòvè*. Toni za juu mbili zimegusana, na ya pili imeshuka. Hii huitwa Kanuni ya Meeussen, kwa jina la mtaalamu Mbelgiji wa lugha za Kibantu.

Kwa nini silabi zote mbili za *hóvé* zimeshuka, na si ile iliyogusana tu na *né-*? Chukua *mbúndúdzí* (viwavi jeshi), yenye silabi tatu za juu: hutoka *némbùndùdzì*, na zote tatu zimeshuka. Hii inaonyesha kuwa toni ni moja, imetandazwa juu ya silabi tatu, hivyo ikishuka inashuka yote. Sasa pima kwa *bénzíbvùnzá* (mjinga mdadisi), ambalo lina toni ya chini katikati. Linakuwa *nébènzìbvùnzá*: mwanzo umeshuka, lakini mwisho umebaki juu, kwa kuwa ile ni toni nyingine na haikugusana na *né-*.

Linganisha Kikuyu na Kishona. Katika Kikuyu, kinachobadilika ni kilichotangulia. Katika Kishona, ni kinachofuata. Katika Kikuyu irabu hukaa katikati ya sauti zinazokwepana bila kuzuia chochote; katika Kishona toni moja ya chini katikati inatosha kuzuia. Kwa hiyo anayetaka kupima lugha yake asiulize tu kama sauti fulani imebadilika. Aulize ni ipi iliyobadilika, na jirani aliyesababisha yuko umbali gani.