Mshahara wako usiufiche ndani ya "mengineyo"

Wasee, kuna kitu nimeona kwa vikundi vya mtaani mara nyingi mpaka sasa lazima nikiseme. Kikundi kinaomba pesa kwa mfadhili wa ng'ambo, kinajaza jedwali la bajeti freshi kabisa, halafu kikifika kwa ile sehemu ya maelezo ya bajeti kinaandika sentensi moja kwa kila mstari na kutuma. "Usafiri: kwa ajili ya usafiri wa vijana." Sasa hapo umesema nini? Umerudia jina la mstari, basi.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo sikuja hapa na cheti cha fedha. Lakini kwa sababu najua kuandika na niko na laptopu, watu huniletea hizi karatasi. Nimezisoma za kutosha kuona kwamba jedwali na maelezo ni vitu viwili tofauti. Jedwali linasema ni ngapi. Maelezo yanasema umeipataje hiyo hesabu, nani atatumia, na ni kazi gani ya mradi itakwama ikikatwa. Anayesoma ni afisa mmoja mahali mbali ambaye hajawahi kupanda mat ya Kayole. Akikosa kuelewa mstari, hatakupigia simu akuulize bei ya chapo. Ataukata, ama atachukua ombi linalofuata. Na tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, foleni ya maombi kwa hao wafadhili wengine si mchezo.

Wacha nichukue kikundi kimoja, jina naliacha. Walitaka kufundisha vijana 20 kupiga na kuhariri video kwa simu, Jumamosi 12, na mara tatu wawatoe nje ya mtaa wakarekodi. Wazo safi. Kwa bajeti wakaandika usafiri 100,000. Mbona laki moja? "Tulikadiria." Buda, namba ikiwa mviringo hivyo, hata mimi najua hukupiga hesabu, na afisa ameona mia kama hizo wiki hiyo hiyo.

Tukakaa chini tukauliza nani anatoka wapi kwenda wapi. Vijana wanatoka mitaa ya karibu, mat ni 50 kwenda na 50 kurudi. Walimu wawili wanatoka mbali kidogo, kila mmoja 300 kwa siku. Zile siku tatu za nje, watu ni 23 na vifaa vyao, na mat ya viti 14 haiwatoshi, kwa hivyo ni mat mbili za kukodi, 8,000 kila moja kwa siku. Maelezo yakawa hivi:

"Nauli ya vijana 20 kufika ukumbini na kurudi, shilingi 100 kwa Jumamosi, Jumamosi 12: 24,000. Nauli ya walimu 2, shilingi 300 kwa Jumamosi, Jumamosi 12: 7,200. Kukodi matatu 2 za viti 14 kwa siku 3 za kurekodi nje, shilingi 8,000 kila moja kwa siku, kwa sababu watu ni 23 na vifaa: 48,000. Jumla 79,200. Bei za kukodi zimetoka kwa maandishi ya wenye magari watatu. Tumechagua ya chini. Vijana wengi hawana kazi, na bila nauli mahudhurio yatashuka kuanzia wiki za katikati ya mwezi."

Iko chini ya laki, na bado iko na nguvu kuliko ile laki. Mtu akitaka kuikata lazima aseme ni kijana gani atembee. Kila mara mstari unajibu vitu vile vile: nani, mara ngapi, bei ya kimoja, bei imetoka wapi, na mbona kazi inahitaji. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huruka, na ndiyo afisa anatafuta. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani zinataka gharama iwe ya kiasi mtu mwenye akili angelipa, iwe ya mradi huu kweli na si wa mwingine, na iwe inaruhusiwa. Wafadhili wengine wana maneno yao, lakini ukiwasoma wanauliza karibu mambo hayo hayo.

Sasa tuje kwa ile inaniuma.

Kikundi hicho hicho kiliandika kwamba mratibu "anajitolea". Halafu chini kabisa ya jedwali, mstari wa mwisho: "Mengineyo: 150,000". Nikamuuliza dada mwenye kuratibu, hii ni ya nini? Akacheka. Wote tulijua. Ni mshahara wake, umevaa kofia.

Naelewa mbona watu hufanya hivyo. Tumelelewa na hiyo hadithi kwamba kijana wa mtaa akifanya kitu cha jamii lazima afanye bure, ndiyo aonekane ana moyo. Ukiandika "mshahara" unahisi kama mwizi. Ati mzungu ataona tunataka kula. Lakini angalia inaishia wapi. Kwanza, wafadhili wengi hawalipi "mengineyo" kabisa. Mstari usio na kazi ndani yake hauna cha kutetewa. Pili, tuseme umepita. Mwaka ukiisha mkaguzi anakuja anataka risiti za 150,000. Utampa nini? Pesa ilienda kwa kodi ya nyumba na unga, huna karatasi. Hiyo inaitwa gharama iliyokataliwa, na kikundi kinatakiwa kuirudisha. Dada amefanya kazi ya kweli miezi mitano na sasa anaonekana mwizi kwa kitabu, kwa sababu aliona haya kuandika kwamba analipwa.

Mtu akilipwa kwa kazi yake hajaiba. Andika. Na ukiandika, andika kwa saa na siku, si kwa hisia. Tulihesabu kazi yake: mwezi mmoja wa kutafuta vijana na ukumbi, miezi mitatu ya mafunzo, mwezi mmoja wa kufunga na ripoti. Kila wiki ni kama siku mbili kati ya tano, yaani asilimia 40. Kwa kazi ya wiki nzima walikubaliana 50,000 kwa mwezi, wakilinganisha na kile vikundi vingine vya jirani vinalipa. Asilimia 40 ya hiyo ni 20,000, mara miezi mitano, 100,000.

Na si hapo tu. Ukimwajiri mtu Kenya kuna pesa mwajiri anaongeza juu, na watu huisahau halafu inatoka mfukoni. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri: 300 kwa mwezi. NSSF kwa mshahara huo ni asilimia 6: 1,200. NITA ni 50. Hiyo ni 1,550 kwa mwezi, 7,750 kwa miezi mitano. Ile ya afya, SHA, inakatwa kwa mfanyakazi mwenyewe, kwa hivyo usiiongeze kwa upande wa mwajiri; afisa anayejua Kenya ataona umeweka kitu hakipo. Jumla ya mstari: 107,750. Kidogo kuliko ile 150,000 ya kofia, na hii kila bob ina mwenyewe.

Lakini hapa kuna sharti. Ukishasema asilimia 40, lazima uishi hivyo. Weka karatasi ya saa, jaza kila wiki, mtu mwingine aweke sahihi. Na kama dada analipwa na mradi mwingine asilimia 80, hesabu inafika 120, na hakuna mtu ana siku ya saa za ziada. Wafadhili huuliza hiyo.

Kuna wale watasema, si kuna mstari wa gharama za ofisi, tuziweke hapo. Kweli, kuna pesa za kuendesha kikundi ambazo hazina mradi mmoja: kodi ya kachumba, stima, bando, makato ya M-Pesa. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, kikundi kisicho na kiwango kilichokubaliwa kiliruhusiwa asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabiwa, na kuanzia 1 Oktoba 2024 ikawa mpaka 15. Wafadhili binafsi wana viwango vyao, wengine hawatoi kitu. Soma masharti yao kwanza. Lakini mshahara wa mtu anayefanya mradi siku mbili kwa wiki si gharama ya ofisi. Ukiuficha huko na bado uutaje juu, umelipisha mara mbili.

Kitu kingine kidogo, ila kinaweza kumaliza mradi: kiwango cha dola. Mapema 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Kikundi kilichopewa dola 10,000 kwa hesabu ya 160 kilipanga milioni 1.6, na pesa ikaingia kama milioni 1.3. Laki tatu zimeyeyuka na hakuna aliyekula. Kwa hivyo juu kabisa ya maelezo, kabla ya mstari wa kwanza, andikeni kiwango mlichotumia na tarehe yake, na mseme kitu gani mtapunguza kwanza shilingi ikipanda. Wale wetu waliandika kwamba siku za nje zitatoka tatu hadi mbili, mafunzo yenyewe hayaguswi. Hiyo sentensi moja inamwambia mfadhili kwamba mnajua mradi wenu uti wa mgongo uko wapi. Pia uliza mapema mnaruhusiwa kuhamisha kiasi gani kati ya mistari bila kuomba ruhusa, kwa sababu kila mkataba una lake.

Maelezo yao yalitoka kurasa tatu na nusu. Mengineyo yakafutwa kabisa. Jibu la afisa lilikuja na swali moja tu: mbona chakula ni sahani 23 na vijana ni 20? Dada akajibu siku hiyo hiyo: vijana 20, walimu 2, na mratibu mmoja ambaye pia hula. Sahani 150, Jumamosi 12, 41,400. Mstari ukabaki vile ulivyokuwa.