Shina la Kifungo

Aghalabu kifungo cha koti hung'oka si kwa udhaifu wa uzi, bali kwa kuwa kimeshonwa kikabana mno na nguo, hata upande wenye tundu ukakosa nafasi ya kukaa chini yake, na kila kifungwapo kikavuta kitambaa mpaka kikachanika.

Dawa yake ni kukiachia shina la uzi. Ikiwa mahali pake pamekwisha kuchanika, kwanza tia kwa ndani kiraka kidogo cha kitambaa imara, ukishone kingo zote. Kisha laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, upitishe uzi juu yake mara 4 au 5 kwa kila jozi ya matundu. Baadaye itoe njiti, ukivute kifungo juu, uuzungushe uzi chini yake mara 5 au 6 hata ukaze, ndipo uupeleke nyuma na kuufunga fundo. Koti likiwa zito, shona pamoja nacho kifungo kidogo bapa upande wa ndani, ili mvuto ukiangukie hicho, wala si kitambaa.

Dalili ya kazi sahihi ni kwamba koti likifungwa, nguo hulala sawa bila kukunjamana. Kifungo kikining'inia, fahamu ya kuwa shina limezidi urefu.