Vocha ya randi 20 kwa kila mtu, au simu moja ya bahati nasibu?

Kila mwaka, kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Joburg, kiungo kinapita. Wakenya wa Midrand wanakituma kwa Wakongo wa Yeoville, Wakongo wanakituma kwa Watanzania wa Mayfair, na shangazi mmoja anakituma mara tatu. Maneno ni yaleyale: tunafanya utafiti kuhusu jamii yetu, jaza fomu, dakika tano tu, na unaweza kushinda simu. Wengi wetu tunaosoma hapa ni watoto wa waliohamia, tuna digrii, na wengine kazini tunashinda na takwimu. Ndiyo maana tunaombwa tukisambaze, au tukae tuchambue majibu yakishaingia.

Mimi nasema hivi: zawadi si tatizo. Tatizo ni kuweka zawadi kwenye mlango ulio wazi. Watu wanachanganya haya mawili, halafu wanaishia kusema "watu wetu hawasemi ukweli ukiwapa kitu". Hapana. Watu wetu wanajibu vizuri tu wakipewa kitu, ilimradi si wao waliojichagua kuja.

Tuanze na mfano wa Uganda, kwa sababu uko wazi kuliko yote ninayoijua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa Johns Hopkins walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la BMJ Global Health. Kompyuta ilikuwa inapiga namba za simu zilizotungwa kwa kubahatisha. Ukipokea, sauti iliyorekodiwa inakuuliza maswali kuhusu magonjwa kama sukari na presha, nawe unajibu kwa kubonyeza namba. Waliopigiwa waligawanywa kwa kubahatisha pia. Kundi moja halikuahidiwa chochote. La pili liliahidiwa vocha ya shilingi 5,000 za Uganda ukimaliza maswali, na la tatu mara mbili yake, yaani 10,000. Jaribio kama hilo lilifanyika Bangladesh pia.

Walioahidiwa vocha walikubali na kumaliza kwa wingi zaidi kuliko wasioahidiwa kitu. Hilo ulilitegemea. Lakini kati ya waliopewa 5,000 na waliopewa 10,000 hapakuwa na tofauti ya maana. Ile 5,000 ya pili ilikuwa kama kumwaga maji baharini. Kwa anayepanga bajeti, hapo kuna jambo la kukumbuka: ongeza zawadi kutoka sifuri hadi kidogo, utaona mabadiliko. Ongeza kutoka kidogo hadi kingi, huenda usione kitu.

Sasa angalia jambo ambalo ni rahisi kulipita. Mtu wa Uganda aliyepigiwa hakuitafuta simu ile, ilimtafuta yeye. Hakuweza kuingia mara mbili, hakuweza kumwambia binamu yake "piga namba hii upate vocha". Hakujua pia ni majibu gani "yanatakiwa", kwa hiyo hakuwa na sababu ya kujifanya mgonjwa. Vocha ilikuwa na nafasi moja tu ya kufanya kazi: kumfanya aseme ndiyo badala ya kukata. Na anayekata huenda ni yule mwenye haraka, mtu asiyeona faida ya kuongea na sauti ya mashine. Ukimleta huyo ndani, sampuli yako inaweza kufanana zaidi na watu wenyewe. Hapo zawadi inaboresha takwimu.

Kiungo cha WhatsApp kinageuza kila kitu. Tuchukue mfano wa kubuni, namba ni zangu za kuonyeshea tu. Tuseme chama cha jamii kinataka kujua ni wangapi kati yetu walipata shida kuongeza muda wa kibali mwaka jana. Wana randi 4,000. Wananunua simu moja, wanaandika juu ya fomu: "Umesumbuliwa na kibali? Tuambie, ushinde simu." Majibu 260 yanaingia. Katibu anafurahi sana.

Unakaa chini kuyapitia. Fomu ina maswali 24, na ukilisoma kila swali huwezi kumaliza chini ya dakika nne. Kuna majibu yaliyomalizwa kwa sekunde 70. Kuna majibu tisa yaliyoingia saa nane usiku, yamefuatana kwa dakika mbilimbili, na kwenye nafasi ya maelezo yote yameandika sentensi ileile, hata kosa la tahajia ni lilelile. Kuna anayesema ana miaka 19, kisha anasema aliingia Afrika Kusini mwaka 1994. Kuna waliobonyeza chaguo la kwanza kuanzia juu hadi chini, hata pale swali lilipoandikwa "hapa chagua jibu la tatu", mtego mdogo ambao kila fomu ya zawadi inapaswa kuwa nao. Ukiyatoa yote yenye dalili mbili au zaidi (moja haitoshi, mtu anaweza kuwa na haraka tu), tuseme yanabaki 200 safi na 60 ya mashaka.

Kati ya wale 200, tuseme 90 walisumbuliwa na kibali, yaani asilimia 45. Kati ya wale 60 wa mashaka, 54 wamesema ndiyo, kwa sababu tangazo lenyewe lilishawaambia simu inamtafuta nani. Changanya wote: 144 kati ya 260, zaidi kidogo ya asilimia 55. Ripoti ingetoka ikisema zaidi ya nusu yetu tumesumbuliwa, wakati kwa majibu safi ni chini ya nusu. Na huko ofisini unakoipeleka, akitokea mtu mmoja anayejua kazi yake akaomba data ghafi, anaibomoa kwa nusu saa. Baada ya hapo, hata wale 90 ambao shida yao ni ya kweli hawasikilizwi tena. Hilo ndilo linaloniuma.

Bahati nasibu ina ubaya wake mwingine, na ni wa hesabu. Simu ya randi 4,000 kwa watu 200 ni sawa na randi 20 kwa kila mtu, kwa wastani. Lakini nafasi ya randi 20 si randi 20. Mtu mzima wa Yeoville ameshaahidiwa mambo mengi mji huu, hana sababu ya kuamini kwamba atakayeshinda si mpwa wa katibu. Kwake nafasi hiyo ni sifuri. Ila kwa kijana mwenye muda na anwani tano za barua pepe, kujaza mara tano ni nafasi tano. Kwa hiyo bahati nasibu inamfukuza unayemtaka na kumwita usiyemtaka, kwa pesa ileile. Vocha ndogo ya uhakika, namba moja mara moja, haimpi yule kijana faida kubwa kiasi hicho.

Halafu kuna namba ya simu. Ili umpe mtu zawadi lazima uwe na namba yake, na ukiiweka namba hiyo kwenye mstari uleule wa "kibali changu kimeisha", umemwomba mtu ajishtaki. Ataacha swali wazi au atadanganya, na hapo sitamlaumu. Sheria ya POPIA, ambayo utekelezaji wake ulianza rasmi Julai 2021, inakutaka uwe na sababu ya kila taarifa unayoshika na uilinde. Njia ya kawaida ni fomu mbili: ya kwanza ina majibu bila jina, ukimaliza inakupeleka ya pili unakoacha namba tu. Ubaya wake ni kwamba sasa huwezi kujua namba ipi ilileta majibu yale ya saa nane usiku. Kwa kiungo kilicho wazi lazima uchague: usiri wa watu au uwezo wa kukagua. Huwezi kupata vyote.

Ndiyo maana ningeacha kiungo kabisa. Chukua orodha za wanachama, za msikiti, za kanisa, za akina mama wa mchezo wa fedha, kwa idhini yao. Unganisha, toa waliojirudia, bahatisha majina 200. Kila mmoja mpe msimbo wake wa kutumika mara moja. Tuma vocha ya randi 20 kabla ya kuuliza chochote, bila masharti. Najua mtu wa fedha atapiga kelele hapa, "na wakila vocha wakanyamaza?" Wengine watanyamaza. Lakini tafiti nyingi za dodoso za posta huko Marekani na Ulaya zimeonyesha kwamba zawadi inayotangulia inavuta majibu kuliko inayoahidiwa, na kwetu ambako ahadi zimechoka sioni kwa nini iwe kinyume. Swali la kibali liweke katikati, baada ya ya nyumba na kazi, na hata asiyekuwa na shida yoyote apate vocha sawasawa. Zawadi isitegemee jibu.

Orodha hizi zina mapungufu yake, asiyesali wala kucheza mchezo hayumo, na ripoti iseme hivyo waziwazi. Na vocha haimalizi kila kitu. Wakati wa korona, utafiti wa simu wa NIDS-CRAM hapa Afrika Kusini ulihoji watu 7,073 katika awamu ya kwanza, Mei na Juni 2020. Kufikia awamu ya pili, takriban mmoja kati ya watano hakuhojiwa tena. Aliyebadilisha laini hata umwahidi nini hakusikii. Sauti za Wananchi ya Twaweza kule Tanzania waliliona tatizo kama hili mapema: walichagua kaya 2,000 kwa kuzitembelea, wakaziachia simu na chaja ya jua. Ile ilikuwa zawadi, lakini pia ndiyo njia yenyewe ya kuongea, na kaya isiyokuwa na simu ikaingia kwenye hesabu.

Jambo dogo la mwisho kwa atakayejitolea kutuma vocha hizo: muulize mtu mtandao wake kwanza. Namba kuanza na 083 haimaanishi ni MTN siku hizi, watu wanahama na namba zao, na vocha ya Vodacom kwa mtu wa Telkom ni karatasi tu.